Elfu Arobaini na Nne

Mume wangu alipougua, kiwanda cha chai kilimlipa mshahara kamili, elfu nne kwa wiki, kwa wiki nane. Baada ya hapo ikawa nusu. Mimi ndiye niliyekwenda kumpokelea pesa dirishani kwa karani. Wiki ya kumi nikamwambia, "Baba, mpaka leo tumepata elfu thelathini na sita."

"Mpaka mwisho itakuwa arobaini na nne," akasema, macho kwenye dari.

"Kumbe karani ni wewe?" nikamtania. Hakucheka.

Jikoni nikahesabu: zimebaki elfu nane, kila wiki elfu mbili, basi ni wiki nne. Sikusoma sana, na pengine yeye alijumlisha vibaya tu, sitaki kumsingizia. Lakini wiki ile ya nne ilipofika sikwenda dirishani. Nilidhani jumla isipotimia, naye atabaki.

Jioni ukungu ulishuka mpaka migombani. Karani wa mishahara, mtu mwema, akabisha hodi amelowa chapachapa.

"Mama, mbona hukuja? Nimekuletea elfu mbili za mgonjwa."

Nikiwa bado mlangoni na pesa mkononi, nilimsikia mume wangu chumbani akisema taratibu, "Haya, imetimia."

Nikaingia na taa, nikamwita. Hakuitika.