Alama ya Ufunguo

Mama Shuka alinyimwa alama moja aliyoipata kwa haki, na kwa kukosa alama hiyo akakosa usimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Aliyemnyima si mtu mbaya. Ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mpole, mwenye kalamu nyekundu.

Miaka kumi na tisa Mama Shuka alifua damu za watu wengine. Msimamizi alipostaafu, ofisi ilisema nafasi ni yake, mradi alete cheti cha kisomo kabla ya mwisho wa mwezi. Akajiunga na darasa la alasiri, akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti karibu yamguse kidevu.

Mtihani ulikuwa wa kukanusha sentensi kumi. Ukipata tano, umefaulu. Tano zilimshinda kweli, wala hakubisha. "Nitafua kesho" aliikanusha kwa "Sijafua kesho", na alipooneshwa "Sitafua kesho" alijicheka mwenyewe. Lakini ya sita ilisema "Ufunguo umepotea", naye akaandika "Ufunguo haujapotea". Akapigwa mkasi mwekundu wa kukosa, akabaki na alama nne.

"Mwalimu, hapa nimekosa nini?"

Mwalimu akafungua mwongozo wa kusahihishia. "Jibu ni 'Ufunguo haijapotea'. Mwongozo umetoka juu, mama."

"Hata ukitoka mbinguni. Ufunguo wa stoo naulizwa na wauguzi kila siku. Sijawahi kuwajibu hivyo, wangenicheka."

"Hayo ni maneno ya kazini. Hapa ni darasani."

Mwalimu akafunga daftari, akasimama, akaanza kujipapasa mifukoni. Shati, suruali, shati tena. Mlango wa darasa haufungwi bila yeye.

"Je, ufunguo umepotea?" Mama Shuka akamuuliza taratibu.

"Ufunguo haujapotea, nimeuacha tu ofi—"

Akautupia jicho mwongozo. Mzee bawabu, mwanafunzi mwenzao aliyekuwa akikunja mwavuli nyuma, akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Basi jipige mkasi na wewe, baba," Mama Shuka akasema.

Mwalimu alicheka, tena kwa uungwana. Akakiri mpiga chapa alikosea. Akatoa kalamu akarekebisha mwongozo palepale, herufi nzuri, za mviringo. Ila matokeo, alisema, yalikwisha kupelekwa, na kuyarudisha ni kujianika mbele ya wakubwa. "Vumilia, mama. Mwakani utafanya tena."

Wiki iliyofuata aliandika ubaoni "Ufunguo haujapotea", akawaeleza wapya kwamba umoja wake ni *u*, kwa hiyo kukanusha hakuondoi hiyo *u*. Wakamsifu kwa kufafanua vizuri.

Usimamizi alipewa binti mwenye cheti. Huyo binti humuuliza Mama Shuka sabuni inawekwa kiasi gani, na Mama Shuka humweleza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu bado anadaiwa barua ya mistari miwili kwenda juu: alikosea, na yule mama alipata tano.