Kasi ya Katikati ya Bomba

Bado nakasirika nikipita mtaa wa Jamhuri. Miaka ya elfu mbili nilikuwa injinia mchanga katika ofisi ya washauri kule Parklands, na kampuni moja ya maji ilituajiri tupime bomba lake la milimita mia tatu linaloelekea mtaa huo.

Tulizamisha kipimio cha kasi ndani ya bomba, na bosi wangu, aliyekuwa na haraka ya kwenda kula chakula cha mchana, akaniambia nipime katikati tu. Nilipata mita 1.9 kwa sekunde. Nikazidisha kwa eneo la bomba, nikaandika. Mita ya kupimia maji, pale bomba linapoingia mtaani, ilionyesha maji pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Bosi akaandika kwenye ripoti kwamba maji yanaibwa njiani, na kampuni ikamfuta kazi mzee aliyelinda vali za bomba hilo, eti anauzia malori ya maji ya Lavington.

Mzee alikuja ofisini kwetu, kofia mkononi. "Madam, hiyo maji haijaibiwa. Rudi upime tena."

Nilirudi peke yangu. Safari hii nilipima kutoka ukuta wa bomba hadi katikati, hatua kwa hatua. Kila nilipozidisha umbali kutoka ukutani mara mbili, kasi iliongezeka kwa kiasi kilekile, karibu sentimita kumi na nne kwa sekunde. Ndiyo kanuni ya logi, yaani logarithimu, tuliyofundishwa chuoni, na mteremko wa grafu yake ulinipa kasi ya msuguano, kipimo cha jinsi ukuta unavyoyavuta maji: mita 0.08 kwa sekunde. Kuizidisha kwa yenyewe, kisha kwa msongamano wa maji, kukanipa mkwaruzo wa maji ukutani, paskali 6.4, nao ulilingana na shinikizo lililopotea kati ya vali mbili. Kasi ya wastani iko chini ya ile ya katikati kwa takriban kasi ya msuguano mara tatu na robo tatu. Ilikuwa mita 1.6 kwa sekunde, si 1.9. Mita ya mtaani ilikuwa sawa kabisa. Hakuna tone lililoibwa.

Niliwaka. Nilimwekea bosi grafu mezani. Aliweka kikombe chake juu yake bila kuisoma.

"Ripoti ishaenda. Wachana nayo, ama utafute kazi kwingine."

Nikaichukua grafu yangu, nikaondoka nikimlaani moyoni, nikaenda moja kwa moja hadi kwa mzee, Jamhuri. Nilimweleza kwamba maji ya kando huburutwa na ukuta, kwamba kosa lilikuwa letu. Alisikiliza yote, akaikunja ile grafu vizuri, akanirudishia.

"Na kule kampuni, umewapelekea?"

Sikuwa nimewapelekea. Nilikuwa na kazi ya kulinda. Yake ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimekuja kumweleza yeye, mtu pekee aliyekuwa akijua tayari.