Alama Mbili Zilizoliwa na Mwanga

Theuri alikuwa fundi wa lethi, mashine ya kukereza chuma, aliyejulikana kutoka Nyeri mjini hadi Naro Moru. Ufundi aliupata katika karakana za reli za Nairobi, enzi za mkoloni, ambako Mwafrika alikabidhiwa chuma kilichovunjika na kuambiwa achonge kingine kama hicho. Michoro ilikaa mezani kwa Mzungu. Theuri akajifunza kusoma chuma kwa vidole vyake, akawa hodari kuliko wengi waliosoma karatasi.

Alimpeleka binti yake Kagure chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa mitambo, wakati ambapo majirani walimuuliza kama amekosa mtoto wa kiume wa kusomesha. Alipohitimu, Theuri mwenyewe alimwombea kazi kwa Kingori, mwenye karakana ambamo yeye alikuwa fundi mkuu. Nyumbani alimwita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa binti huyo alipewa jina la mama mzazi wa Theuri. Huko kazini pia alimwita hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka wa sabini na nne, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, shafti, yaani mhimili unaozungusha mashine ya kumenya kahawa, ilikatika katika kiwanda kimoja cha ushirika upande wa Gakindu, na bushi yake, ile pete ya shaba inayoishikilia, ikasagika kabisa. Hakukuwa na kipande kizima cha kuiga. Mutahi, meneja wa kiwanda, alisafiri mpaka Nairobi kwa wakala wa mashine. Wakala alikuwa na mchoro ukutani, ndani ya kioo, wala hakukubali uondoke. Mutahi akamtafuta mpiga picha aupige, akarudi na picha kubwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwanga wa kamera ulikuwa umegonga kioo ukaacha waa jeupe karibu na katikati.

Asubuhi waliitandaza juu ya benchi, wafanyakazi wote wakaizunguka. Theuri aliikazia macho kitambo, kisha akauliza kama shafti ile ilikuwa bomba, maana ndani yake palikuwa peupe, na vipande vilivyoizunguka vilikuwa vimejaa mistari ya mshazari.

Kagure alijibu haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Alieleza kwamba huo ulikuwa mchoro wa mkato, mashine imeonyeshwa kana kwamba imepasuliwa kwa msumeno. Mistari ya mshazari huonyesha mahali msumeno ulipopita, na inapobadilisha mwelekeo, hicho ni kipande kingine. Huku ni nyumba ya beringi, yaani ganda la nje, huku ni bushi. Lakini shafti, hata ikipasuliwa kwa urefu, kwa desturi haichorwi mistari. Ni chuma kizima.

"Si bomba, Baba," alimalizia. "Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anajua hiyo."

Vijana wa karakana wakacheka. Theuri naye alicheka kidogo, akafuta mikono yake iliyokuwa haina mafuta.

Jioni, wenzao walipokuwa wakinawa, Kagure alimkuta baba yake ameanza kuandaa chuma. Picha ilikuwa imebanwa mbele ya lethi. Kipenyo cha shafti kilisomeka vizuri: ile alama ya duara lililokatwa na mstari, kisha arobaini. Kando yake palikuwa na namba mbili ndogo zilizopandana, 0.025 juu na 0.050 chini, na mbele yake waa jeupe. Theuri alikuwa ameamua shafti izidi milimita arobaini kwa vipimo hivyo, ipigwe ndani ya bushi kwa nguvu ishikane nayo, halafu bushi ndiyo izunguke ndani ya nyumba yake.

Kagure aliinamia picha, akaweka kidole juu ya waa. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mbele ya zile namba palikuwa na alama za kutoa, ila mwanga ulizila. Kipimo kikubwa huandikwa juu, kidogo chini. Kama zingekuwa za kujumlisha, 0.050 ndiyo ingekaa juu. Kukaa chini kwake kulimaanisha shafti ipungue arobaini, ipate nafasi ya kuzunguka ndani ya bushi. Tena tundu la mafuta lilipita nyumba ya beringi na bushi kwa mstari mmoja mpaka kwenye shafti. Bushi ikizunguka, tundu lake litahama, na mafuta hayatafika.

Theuri hakugeuka.

"Kagure," alisema, na hilo jina lilimshtua kuliko maneno yaliyofuata. "Umenifundisha mbele ya watu asubuhi. Inatosha."

"Baba, hii itashika moto."

"Nilikuwa nachonga shafti kabla mama yako hajaolewa. Nenda nyumbani."

Akaenda.

Shafti ilipokamilika iling'aa kama kioo. Theuri aliipiga kwenye bushi, akaisugua bushi kwa nje mpaka ikazunguka laini ndani ya nyumba ya beringi. Kwa mkono ilizunguka vizuri mno. Kingori aliipima kwa maikromita, akamwita Kagure aje ofisini, akamuuliza kama vipimo vinalingana na picha.

Mlango ulikuwa wazi. Baba yake alisimama karibu na lethi, akikunja aproni yake polepole. Kagure alijua kwamba neno moja tu lingetosha, na kwamba baada ya neno hilo mzee asingeweza tena kuwaamuru wale vijana.

"Vile Baba amesema ni sawa," akajibu.

Shafti ilifungwa kiwandani, na mashine ikamenya kahawa asubuhi nzima. Mchana beringi ilianza kunuka. Gatimu, mhudumu wa mashine, mtu mpole aliyeimba besi katika kwaya ya kanisa, alimimina mafuta yakafurika nje, hayaingii. Aliinama apapase kama chuma kimepata joto. Wakati huo bushi ilikwama, shafti ikasimama ghafla, mshipi wa injini ukaruka kutoka kwenye gurudumu lake na kumvuta mkono. Walipozima injini, vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimesagwa. Kahawa ya wakulima ilichachia kwenye magunia barabarani.

Kamati ya kiwanda ilikuja karakana. Theuri aliulizwa kilichotokea. Alitazama sakafu akasema yeye ni fundi wa chuma, mambo ya michoro yana mtu wake. Watu wote wakamgeukia Kagure. Alimngojea baba yake aongeze neno. Alingojea mpaka Kingori akakohoa.

Kazi ya Kagure ikaisha siku hiyo.

Kagure alikwenda hospitali. Wacera, mke wa Gatimu, alikuwa amekaa kando ya kitanda akimlisha mumewe uji. Kagure aliwaeleza kila kitu, alama zilizopotea, namba ya juu na ya chini, tundu la mafuta. Pengine alidhani kueleza kutampunguzia mzigo. Gatimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Na ukaulizwa."

"Niliulizwa."

Gatimu aligeuza uso ukutani. Wacera aliweka kikombe chini, akamwambia kwa heshima kwamba mgonjwa anataka kulala.

Mwaka uliofuata Kagure alipata kazi ya kufundisha uchoraji katika shule moja upande wa Meru. Wanafunzi walimwona mkali kupita kiasi. Aliyesahau alama ya kujumlisha au ya kutoa alirudia mchoro mzima, na waliponung'unika hakuwaeleza sababu. Theuri aliendelea na lethi yake mpaka macho yalipomkatalia. Krismasi Kagure alikwenda nyumbani, akachinjiwa kuku, wakakaa sebuleni yeye na baba yake wakiongea juu ya mvua na ng'ombe. Mama alipoingia na chai alikuta habari za mvua na ng'ombe zimewaishia, akawasha redio.