Fremu ya Mlango Iliyopinda

Kule gazetini walimwita Jicho, maana picha ya kughushi haikuwahi kumpita. Mchana mmoja mdogo wake, aliyebaki nyumbani kumuuguza mama yao, alimtumia picha: familia nzima barazani, mama katikati. "Mama anaendelea vizuri, dada."

Jicho alitabasamu, kisha akaikuza. Mazoea yana taabu. Wengine wote walijaa chembechembe za picha iliyopigwa penye giza giza. Mama alikuwa laini kama kioo. Mwanga uliwaangukia wenzake kutoka kulia, yeye kutoka kushoto. Na nyuma ya bega lake fremu ya mlango ilikuwa imepinda. Aliyembandika pale alimkondesha baadaye kwa kompyuta ili afanane na mgonjwa, na mlango ukabonyea pamoja naye.

Akapiga simu. "Mama mmemzika lini?"

Mdogo wake akaangua kilio. "Nani kakwambia, dada? Tulihofia presha yako."

"Mlango wetu," alijibu, kidole bado kiko kwenye ile fremu. "Mlango wetu haujui kudanganya, mjinga wewe."