Kopo la Mafuta ya Ng'ombe

Kila asubuhi pale Kibomet, kabla ya kumkamua ng'ombe wangu, nilitangulia kukamulia maziwa kidogo kwenye kikombe cheusi nione kama yana mabonge au damu. Kisha nilipapasa kiwele chote nikitafuta mahali pagumu.

"Huyo mke wako wa pili unamjua kuliko mimi," mke wangu alinitania.

Yeye alikuwa amefundishwa kujichunguza matiti na dada yake, muuguzi mstaafu wa Kanduyi. Kwa kuwa hedhi ilishakatika, alichagua siku ya kwanza ya kila mwezi. Alisimama mbele ya kioo, mikono chini, kisha kiunoni, kisha juu. Halafu alilala chali, mkono mmoja chini ya kichwa, na kwa vidole vitatu vya mkono wa pili akazungusha viduara vidogo, kwa wepesi kisha kwa kukandamiza, kuanzia chini ya shingo hadi chini ya titi, na kwapani.

"Unaomba mvua?" nilimcheka alipoinua mikono.

Mwezi mmoja hakucheka. "Mzee, kuja uone."

Mikono ikiwa chini, matiti yalikuwa sawa. Alipoiinua, ngozi ya titi la kushoto ikabonyea, kana kwamba kuna uzi unaivuta kutoka ndani.

"Inauma?"

"Hapana."

Kwangu mimi, kisichouma hakikuwa ugonjwa. Nikamletea kopo la mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe, nikamwambia apake tungoje. Tulingoja miezi miwili. Kosa ni langu.

Dada yake alipotutembelea, akaliona kopo kando ya kitanda. "Shemeji, ng'ombe siku hizi analala huku?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akaketi. Kisha akainuka, akanawa mikono, akampapasa dada yake.

"Kuna uvimbe hapa. Chuchu imetoa kitu?"

"Doa kwa sidiria, wiki jana. Kama damu."

Hilo sikulijua.

"Uvimbe mwingi si saratani," alisema, "lakini huwezi kujua kwa vidole. Kesho hospitali." Akanigeukia. "Na wewe shemeji, ng'ombe akitoa damu, si unaita daktari siku hiyo hiyo?"

Nikalichukua kopo, nikalirudisha zizini.

Hospitalini walipiga picha, wakachukua kinyama kwa sindano. Ilikuwa saratani. Titi likakatwa, dawa zikafuata, nywele zikaenda. Daktari hakusema miezi ile miwili ilitupunguzia nini, nami sikuthubutu kuuliza.

Nywele zimerudi, zote nyeupe. Siku ya kwanza ya mwezi bado anasimama mbele ya kioo, anachunguza titi lililobaki, kovu na makwapa. Siku hizi nakaa hapo kitandani, sitanii. Akimaliza, ananigeukia. Dada yake alituambia wanaume nao hupata saratani ya titi, ingawa ni nadra.

"Mzee, vua shati."

Navua. Nainua mikono juu, mbavu zote nje.

"Haya," anasema, akinisogelea na vidole vyake vitatu, "unaomba mvua?"