Spika na Ngazi za Hospitali

Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Spika kwa sababu hana sauti ya chini. Ni fundi rangi, na nyumba nzuri mtaani kwetu zimepita mikononi mwake. Kwa maneno ni wa pili. Wa kwanza ni mimi, niliyeiaga shule mapema kabla haijanimaliza.

Alikuwa na ngiri kwenye kinena, uvimbe unaotoka akisimama na kurudi ndani akilala. Upasuaji ulipangwa Jumatano, na alikuwa anahesabu masaa kama bwana harusi, maana jengo jipya la ghorofa lilikuwa linamsubiri na ngiri ilikuwa inamuuma kila akibeba mzigo mzito. Jumatatu tukampeleka kwa daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, mimi na dada. Mimi nilikwenda kumcheka tu.

Daktari, mama mmoja mtulivu, akaanza na maswali. Umewahi kupata shambulio la moyo? Moyo kushindwa kazi? Kiharusi? Unajichoma insulini? Figo zina shida? Spika akajibu hapana, hapana, hapana, kifua kimetoka mbele.

"Kwa maswali haya una alama sifuri za hatari," daktari akasema. "Na upasuaji wenyewe si mkubwa."

"Umesikia, shemeji? Sifuri!"

"Hiyo sifuri umeizoea tangu darasani," nikamwambia.

"Na wewe ulikaa darasa gani hata uione?"

Daktari akacheka, kisha akauliza, "Mzee, ukipanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama, unafika?"

"Mbili? Mimi napanda nne nikiimba!"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. "Daktari, huyu hapandi, anafanya mkutano! Kila akifika pa kupumzikia anasimama, anatoa kichekesho, ndipo anaendelea. Na kazini siku hizi anapaka kuta za chini tu. Juu anawaachia wenzake, eti yeye msimamizi."

Dada akamgeukia mumewe. "Kumbe! Ndiyo maana sokoni unasimama kila kibanda?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

Lakini Spika alishaona ameaibishwa mbele ya mkewe. Akaruka kutoka kitini. "Twende, nikuonyeshe!" Akatoka mbio mpaka kwenye ngazi za nje, mimi nyuma yake nikishangilia kama uwanjani, daktari anaita, "Simameni! Msimkimbize!" Nani amsikie?

Ghorofa ya kwanza, akashika chuma, akageuka kwangu. "Unajua, shemeji, kulikuwa na jamaa mmoja..."

"Hakuna hadithi! Panda!"

Akapanda. Vidato vichache tu, na uso ukabadilika, ukawa wa majivu. Jasho. Akasema, "Naona giza," akaketi. Nami nilikuwa bado nacheka.

Daktari alifika anahema, akamlaza palepale, akaweka kipimo kifuani. Akasikiliza muda mrefu. Akasikiliza na shingoni.

"Hapa kuna mngurumo," akasema. "Jumatano hakuna upasuaji."

Spika alipopata pumzi alifoka. "Umesema sifuri!"

"Maswali yale hayaulizi habari ya vali, yaani mlango wa moyo. Wako nadhani umebana, ndiyo maana unanguruma. Dawa ya usingizi inashusha presha, na moyo wenye mlango mwembamba unaweza kushindwa kuinyanyua tena. Ngiri yako ni laini na inarudi, inaweza kungoja. Ikigoma kurudi, ikawa ngumu inauma, ukatapika, njoo saa hiyohiyo, usiku au mchana. Hapo hatungoji, ila tutajiandaa pamoja na daktari wa moyo."

Kesho yake akapigwa picha ya moyo kwa mawimbi. Mlango uliotakiwa kufunguka wazi ulikuwa unafunguka kwa taabu, kama mtu anayemchungulia mdai wake asionekane. Daktari wa moyo akasema vali imebana vibaya sana, na kwa kuwa tayari anachoka na kuona giza, ibadilishwe kwanza.

Spika akatazama kioo cha mashine. Dada akamshika mkono kwa nguvu.

"Jumatano ingekuwaje?" Spika akauliza, tena kwa sauti ya chini!

"Huenda ungeamka. Huenda usingeamka. Hatuchezi kamari hiyo," daktari wa moyo akajibu.

Akashusha pumzi, akampigia simu mwenye jengo palepale, akamwambia atafute fundi mwingine. Kisha akamgeukia daktari. "Nipange ya moyo. Ila huyu asije siku hiyo. Atanichekesha nishonwe upande."

"Nitakuja na kiti changu!" nikasema, na sisi wote watatu tukacheka mpaka nesi akatufungia mlango.

Vali akawekewa. Ngiri ikashonwa baadaye sana, moyo ulipokuwa umetulia. Alipotoka chumba cha upasuaji alifungua jicho moja, akaniona, akasema kwa unyonge, "Shemeji, jamaa yule niliyetaka kukuhadithia kwenye ngazi..."

Nikamwambia, "Sema taratibu. Leo nina muda."