Barua Niliyoirudisha Tarehe

Nilikuwa afisa utumishi wa kiwanda cha kukoboa kahawa pale Mbinga. Dada mmoja mchambuaji wa buni, aliyefanya kazi nasi miaka mingi, alinitumia ujumbe Jumatatu asubuhi: "Kaka, mama amepooza upande mmoja. Niko naye kijijini Lundo, hana mtu mwingine. Naomba ruhusa." Nikamjibu, "Pole sana dada, nitamwambia meneja." Nikamwambia. Meneja akaitikia kwa kichwa tu.

Jumanne ya wiki iliyofuata akaniita.

"Siku tano za kazi zimepita. Andika kwamba ameacha kazi mwenyewe."

"Siku tano bila ruhusa wala sababu ni kosa, bosi," nikasema. "Linatupa haki ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu ajieleze. Halimwachishi kazi lenyewe. Na huyu ametoa taarifa."

"Basi andika na barua ya wito. Weka tarehe ya wiki iliyopita. Kesho tukae kikao, tuseme hakutokea."

Nafasi ile alishamwahidi shemeji yake; kiwanda kizima kilijua. Ningeweza kukataa. Niliandika. Barua ya wito haikutoka kwenye droo yangu. Kikao tulikaa watu watatu, dakika kumi, soda mezani, meneja akichekacheka na simu yake. Hadi leo nakikumbuka kile kicheko, na mkono wangu ukisaini.

Dada alirudi baada ya wiki tatu, amekonda. Mlinzi akampa barua ya kuachishwa kazi getini, hakuruhusiwa hata kuingia kuchukua kanga yake. Hakupiga kelele. Kabla ya siku thelathini za kisheria kwisha alikuwa ameshafungua shauri kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, Songea.

Meneja akanibeba kwenye gari lake twende kwenye usuluhishi. Njia nzima alikuwa akinifundisha la kusema.

Msuluhishi alisoma faili taratibu, kisha akaishika ile barua ya wito.

"Hii ilimfikiaje mlalamikaji?"

Meneja akanigeukia. Dada naye akanitazama, simu yake mapajani, ujumbe wangu wa pole ukiwa bado umo.

"Haikumfikia," nikasema. "Niliiandika siku moja kabla ya kikao, nikarudisha tarehe nyuma. Na ruhusa aliomba kwangu."

Meneja aliomba kutoka nje. Aliporudi alikuwa tayari kupatana. Msuluhishi akamuuliza dada kama angependa kurudishwa kazini.

"Nirudi kwa watu hawa?" akasema, bila kupandisha sauti. Akachagua fidia. Makubaliano yakaandikwa, wakasaini.

Nilimfuata kwenye korido nimwombe radhi. "Kaka, wewe ulijua tangu siku ya kwanza," akaniambia, akaenda zake stendi.

Nilirudi Mbinga kwa basi. Kesho yake niliandika barua nyingine, ya kuacha kazi, nikaweka tarehe ya siku ile ile.